Futa "Japo", Futa "Kuliko"

Kila Usiku wa Vipaji hapa chuoni lazima kuwe na angalau wimbo mmoja wa kujikubali. Anapanda mtu jukwaani, biti inaanza taratibu, na kabla hajamaliza ubeti wa kwanza ukumbi umeshajua pa kupiga makofi. Siwapingi wanaoimba. Ninachopinga ni kwamba nyimbo zenyewe, karibu zote, zinaangukia upande mmoja kati ya miwili. Ama mwimbaji anatuomba tumhurumie, ama anatutambia. Na ukitazama vizuri utaona kwamba katika pande zote mbili mwili wake haumo ndani ya wimbo. Tuliomo ni sisi wasikilizaji: tukilia, au tukikomeshwa.

Maoni yangu ni kwamba kosa hili si la moyo, ni la utunzi. Mtu anaweza kuwa ameshaukubali mwili wake kabisa, halafu maneno aliyochagua yakamsema vingine. Kwa hiyo dawa yake pia iko kwenye maneno, na inaweza kuonyeshwa mstari kwa mstari.

Nitatumia mfano mmoja. Rafiki yangu wa mwaka wa pili, aliyeniruhusu nieleze kazi yake ila nisimtaje, ana kovu la kuungua. Linaanzia chini ya sikio la kushoto na kushuka hadi kwenye kola. Alipokuwa mdogo karai la maandazi lilipinduka, mafuta yakammwagikia. Muhula uliopita alitaka kutunga wimbo juu ya kovu hilo, aimbe mwenyewe, mbele ya watu ambao kesho yake angepanga nao foleni ya wali na maharage. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Wimbo wa mapenzi ukiharibika unausahau. Wimbo wa shingo yako ukiharibika, bado una hiyo shingo kwenye foleni.

Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi:

*Mnitazame usoni, mwone nilivyoumbuka,*
*japo moto ulinila, moyo wangu haukufa.*

Mizani iko sawa, nane kwa nane kila mstari. Ukiimba kwa sauti nzuri, watu watatoa leso. Lakini angalia maneno mawili. La kwanza ni "nilivyoumbuka". Kuumba tunakujua. Kuumbua ni kinyume chake, kama kufunga na kufungua, na anayeumbuka ni yule ambaye uumbaji wake umetenguliwa. Yaani kabla rafiki yangu hajasema lolote kuhusu kovu lake, kitenzi kimeshamhukumu kwamba ameharibika. "Dosari" na "kasoro" zina tabia hiyohiyo. Neno "kovu" halina. Kovu ni kovu tu, mahali palipopona pakabaki alama. Kiswahili kina maneno yanayotaja kitu na mengine yanayotaja kitu pamoja na hukumu yake. Mtunzi wa wimbo kama huu inabidi ajue analochukua ni lipi.

Neno la pili ni "japo", na hili ndilo baya zaidi kwa sababu linaonekana halina hatia. Japo, ingawa, lakini, hata kama, pamoja na: yote yanafanya kazi moja. Yanaweka kitu kibaya upande mmoja na kizuri upande mwingine, kisha yanakuomba ukubali kwamba kizuri kimeshinda. Ukisema "japo nina kovu, nina moyo", umeshakubaliana na anayekudharau kwamba kovu ni hasara inayohitaji kufidiwa, na sasa mnajadiliana tu bei ya fidia. Hakuna anayeimba "japo nina viwiko, nina moyo". Tunasema "japo" kuhusu vile tu tunavyoviona aibu. Kwa hiyo neno hilo ni kipimo kizuri: pitia rasimu yako, lizungushie duara kila linapotokea, pamoja na ndugu zake wote. Hapo ndipo huruma inapovuja.

Kuna chanzo kingine cha huruma ambacho ni cha kiufundi kabisa, nacho ni vina. Kina kimoja kilicho rahisi sana katika Kiswahili ni "-ni", kwa sababu nomino nyingi tunaweza kuzitia: usoni, moyoni, machoni, duniani. Na neno gani linasubiri hapo jirani? Huzuni. Mtunzi akianza na "usoni", kina chenyewe kinamvuta kwenda machoni, moyoni, huzuni, na kabla hajajua wimbo umekuwa wa msiba. Hakukusudia. Kina kilimkusudia. Ndiyo maana ni vizuri kutochagua kina kwa neno la hisia. Chagua kwa neno la kitu unachoweza kukishika, kama shati, kola au kuti, halafu uone kitakupeleka wapi.

Tulipomwambia hayo, mwenzetu alikasirika kidogo, akaenda, akarudi baada ya siku tatu na rasimu ya pili. Sasa ilikuwa hivi:

*Mimi mzuri kuliko ninyi mnaojipaka,*
*kovu langu ni la simba, wenye wivu mtakoma.*

Tulicheka, na kusema kweli ilipendeza kwa dakika kumi. Biti ilikuwa ya kuchezeka, na kila mtu ana mtu anayetaka akome. Lakini soma tena. Huruma imeondoka, na nafasi yake imechukuliwa na neno "kuliko". Nalo halisimami peke yake: kuliko nani? Lazima aletwe mtu mwingine aliye chini. Hapa wameletwa wasichana wanaojipaka, ambao wengi wao wanajipaka kwa sababu na wao waliambiwa ngozi zao hazifai. Wimbo uliokusudiwa kumtoa mtu mmoja kwenye mizani ya urembo umewapandisha wengine juu ya mizani hiyohiyo. Mizani haijavunjwa, imegeuzwa upande tu.

Tena kuna uongo ndani yake. Kovu si la simba, ni la karai. Mtunzi akianza kulipamba kovu kwa simba na vita, anatuambia kwamba lilivyo kweli halitoshi kuimbwa. Hapo majivuno na huruma vinakutana, maana vyote viwili vinakataa kulitazama kovu lenyewe. Na "wenye wivu" ni akina nani? Hakuna mtu chuoni anayemwonea wivu mtu mwingine kwa kuungua mafuta. Mistari ya "mtakoma" inahitaji adui, na adui asipokuwepo inabidi umtunge.

Najua hapa wapenzi wa taarabu watanijia juu. Watasema majibizano ni jadi yetu, mipasho ni sanaa, na aliyetukanwa ana haki ya kujibu. Nakubali, na mfano bora wa hoja yao ninao mimi mwenyewe: Siti binti Saad. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, akaja mjini, na sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert, katika wasifu aliomwandikia, ametuhifadhia kisa cha wapinzani waliomtungia wimbo wa kumkejeli kwa ushamba na ufukara aliotoka nao. Siti akajibu kwa wimbo. Tazama alivyojibu. Hakusema yeye ni mzuri kuliko wao, wala hakuomba wamwonee imani kwa alikotoka. Maana ya jibu lake ni kwamba sura na ukoo si hoja, na kwamba aliyepata hasara ya kweli ni yule aliyekosa akili. Aliikataa mizani yenyewe.

Ila hata Siti, mwishoni, amemchoma mtu. Wimbo wake ulikuwa jibu, na jibu linamhitaji aliyeuliza. Katika ugomvi ni silaha safi, wala sina la kuongeza. Lakini rafiki yangu hakuwa amegombana na mtu. Alitaka wimbo ambao angeweza kuuimba hata akiwa peke yake bafuni, ambapo hakuna wa kukoma. Hiyo ni kazi nyingine, na mpasho hauiwezi.

Sasa ukifuta "japo" na ukifuta "kuliko", kinabaki nini? Hili ndilo swali lililomkwamisha kwa wiki nzima. Jaribio lake la kwanza lilikuwa kuandika tu "najikubali, najikubali" kwenye kibwagizo. Nikamwambia neno hilo ni kama mtu anayekwambia kila dakika kwamba hajakasirika. Kukubali hakusemwi, kunaonekana katika namna unavyokitaja kitu. Kuna waliomshauri aingize "Mungu kaniumba hivi", lakini yeye mwenyewe alikataa, tena kwa hoja nzuri. Kwa rangi ya ngozi au kwa urefu maneno hayo yana ukweli wake. Kwa kovu si kweli. Hakuumbwa nalo, alimwagikiwa mafuta, na hakutaka kumsingizia Mungu karai.

Kilichomkwamua ni swali dogo: hilo kovu linafanya nini kutwa nzima? Si lina maana gani, si limekufundisha nini. Linafanya nini? Akafikiri, akasema: "Halitoki jasho." Ngozi ikiungua hadi chini, tezi za jasho zinaungua nazo, na kovu linalofunika pale halina tezi hizo. Kwa hiyo Dar es Salaam nzima ikilowa, yeye ana sehemu moja ya shingo iliyo kavu. Akaongeza kwamba huwasha, kwamba wakati wa baridi hujivuta, kwamba kola ngumu hulikwaruza, na kwamba watoto kwenye daladala hutaka kuligusa. Sote tukanyamaza, maana wimbo ulikuwa umeshapatikana. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloomba huruma, na hakuna linalojisifu. Ni habari za mwili wake ambazo hakuna mwingine angeweza kuzisema.

Ubeti wa kwanza ukawa huu:

*Saa saba jua kali, jasho lalowesha shati,*
*upande huu wa shingo, kovu kavu kama kuti.*
*Mtoto ananigusa, auliza, "Kitu gani?"*
*Namjibu, "Ni mafuta," nashuka kwenda sokoni.*

Angalia mambo mawili tu. Kwanza, "ninyi" imepotea. Katika rasimu mbili za mwanzo sisi wasikilizaji tulikuwa tukiitwa: mnitazame, mwone, mtakoma. Sasa hakuna anayetuita. Anayezungumza naye ni mtoto, na mtoto hamhurumii wala hamcheki, anataka kujua. Anajibiwa kwa neno moja la kweli, safari inaendelea. Pili, kina cha "-ni" kimerudi, lakini safari hii kimempeleka sokoni, si moyoni. Silabi ni ileile, ila sasa ana la kufanya huko aendako.

Ubeti huu ungetosha kwa wimbo wa kuchekesha. Kwa wimbo wa kukubali hautoshi, kwa sababu kuna siku kovu linaudhi. Hapa watunzi wengi huogopa. Wanadhani wakitaja maudhi watarudi kwenye huruma, kwa hiyo wanaimba mwili usiouma wala kuwasha. Msikilizaji mwenye kovu lake anajua anadanganywa. Tofauti kati ya maudhi na huruma ni kwamba maudhi yana mahali na yana dawa, wakati huruma haina mahali. "Nateseka" ni huruma. "Kola inanikwaruza" ni habari. Ubeti wa pili:

*Juni baridi ikija, kola inanikwaruza,*
*mafuta hulainisha, mafuta yaliunguza.*

Mstari wa mwisho ndio niupendao kuliko yote, na mtunzi hakuongeza neno la kuufafanua. Aliunguzwa na mafuta, analainisha kwa mafuta. Angeweza kugeuza hapo kuwa somo la maisha, na nusu yetu tulimshawishi afanye hivyo. Alikataa, na alikuwa sahihi. Ukishafafanua, umerudi kutuhubiria.

Kikabaki kibwagizo. Hiki kina masharti yake, maana kitarudiwa mara nyingi na ukumbi utakiimba pamoja nawe. Chochote kilichojificha ndani yake kitatoka. Ukiweka huruma, watu mia watakuhurumia kwa sauti moja. Ukiweka majivuno, watu mia watajisifu wao, siyo wewe. Alichoandika ni hiki:

*Shingo yangu, kovu langu, tunatoka, tunarudi.*

Mizani kumi na sita, basi. Hakuna sifa hata moja ndani yake: hakuna zuri, baya, kubwa wala la ajabu. Kuna vimilikishi viwili na vitenzi viwili. Neno linalobeba mzigo ni "tu-" ya "tunatoka". Mwili haumilikiwi tu, unasafiri na mwenyewe.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wanaotunga kwa kalamu bila biti hulisahau. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: SHIngo, YAngu, KOvu, LAngu. Maneno manne ya silabi mbilimbili yanamaanisha mikazo minne, na biti ya kawaida ina mapigo manne. Kila neno linakaa juu ya pigo lake bila kusukumwa. Kwenye "tunaTOka, tunaRUdi" mikazo mikubwa inaangukia pigo la pili na la nne, na mwili wenyewe unaanza kuyumba. Linganisha na "ninajikubali": silabi sita, mkazo mmoja karibu na mwisho, kwa hiyo mwimbaji inabidi alivute au alibane. Akilivuta linakuwa kilio. Akilibana na kulitema linakuwa tambo. Mara nyingi huruma na majivuno tunavyovisikia kwenye wimbo vimetokana na neno lisilokaa kwenye pigo, na sauti ikalazimika kulisaidia.

Mwendo nao una neno. Alianza na kinanda cha taratibu sana, na hata ubeti wa jasho ukasikika kama wa mazishi. Tukapandisha hadi mapigo 96 kwa dakika. Kila nusu ya mstari ikachukua sekunde mbili na nusu, ubeti wa mistari minne ukaisha ndani ya sekunde 20, na ukawa mwendo wa mtu anayetembea ana shughuli zake. Kuufanya wa kasi ya singeli kungeugeuza kuwa utani. Mwendo wa kutembea ndio uliofaa, kwa sababu wimbo wenyewe unahusu kutoka na kurudi.

Nataja pia mpaka wa njia hii. Haifai kutungia mwili wa mtu mwingine bila yeye kuwepo. Mimi nisingeweza kujua habari ya jasho, na kama ningeandika ubeti huo peke yangu ningejaza mahali hapo kwa kubahatisha, na kubahatisha mwili wa mwenzako daima huishia kwenye huruma. Pili, wimbo wa aina hii hautashangiliwa kama wa leso au wa mtakoma. Alipouimba, makofi yalikuwa ya wastani. Hakuna aliyelia. Kilichotokea ni kwamba watu waliondoka ukumbini wakiimba "tunatoka, tunarudi", wengine bila hata kukumbuka unahusu nini, na siku zilizofuata kantini hakuna aliyemwendea kwa sauti ya chini kumpa pole. Mmoja tu alimuuliza kama ni kweli halitoki jasho. Akamjibu ndiyo, wakaendelea kusogea na foleni.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa muhula ujao, chukua rasimu yako na kalamu nyekundu. Futa kila "japo" na kila "kuliko", pamoja na jamaa zao. Futa "ninyi" zote ambazo hazina jina. Kisha soma kilichobaki. Kama karatasi imebaki nyeupe, usiogope, maana maana yake bado hujaanza kuuandika mwili wako, ulikuwa unawaandika wanaoutazama. Anza na saa saba mchana, useme unafanya nini.